Swali Moja kwa Wote

Byukusenge alipoondoka kwenda Goma, hakuna aliyemlilia pale Masisi kwenye koperative ya fromaji, yaani jibini. Alikuwa shefu wa timu kwa sababu siku alipokuja kuomba kazi alivaa koti la kijivu na kusema Kifaransa kisicho na kona. Komite ilimsikiliza kwa muda wa chai moja, ikampa kazi. Baadaye ikaonekana kwamba Kifaransa chake kilikuwa kwa ajili ya wageni tu. Kwa wafanyakazi alikuwa na maneno mawili: "fanya" na "haraka." Wanawake wawili wa chumba cha chumvi walirudi mashambani kwao, maziwa yakaganda vibaya, na siku ya soko la Goma fromaji nusu ya gari zilirudi na harufu iliyowafanya madereva wafungue madirisha.

Wafugaji waliitisha mkutano. Walisema safari hii shefu achaguliwe kwa haki, wote waone.

Prezida wa koperative, Papa Nsengimana, alikuwa mtu wa kwanza kupiga makofi. Alipenda sana neno haki. Alilitamka akiwa amefumba macho kidogo, kama mtu anayeonja asali. Akageuka kwa Kayitesi, msichana aliyeshughulika na mambo ya wafanyakazi na ambaye alikuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo ya wiki moja mjini.

"Kayitesi, utatutengenezea ile mahojiano ya kisasa," alisema. "Yenye pointi. Hesabu haina ndugu."

Kayitesi aliondoka pale akitembea kwa madaha kidogo. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kuandika nani hakuja kazini, na sasa alikuwa amepewa kitu cha kujenga.

Hakuanza na maswali. Kwenye mafunzo walikuwa wamemwambia aanze na kazi yenyewe, basi aliketi na watengenezaji wa fromaji mmoja mmoja, akawauliza ni siku gani kazi iliharibika na shefu angefanya nini. Laetitia, aliyekata maziwa yaliyoganda tangu koperative ifunguliwe, hakufikiri sana.

"Fromaji tunajua sisi," alisema. "Hatutafuti wa kutufundisha fromaji. Tunataka muntu anaweza kupanga kazi wakati mumoja iko mugonjwa. Muntu anaweza kukukosoa bila kukutukana mbele ya wenzako. Na akatae maziwa mubaya, hata kama yametoka kwa mukubwa."

Wengine walisema karibu yale yale, ila wakaongeza ugomvi: nani anaosha sufuria, nani anakimbia kabla ya kuosha. Kayitesi akapata mambo manne. Kwa kila jambo aliandika swali moja la kumtaka mtu aeleze kitu alichokwisha kufanya, si kitu ambacho angependa kufanya. Chini ya kila swali akaandika jibu la pointi moja linafananaje, la pointi tatu, na la pointi tano, ili wasahihishaji watatu wasiwe na vipimo vitatu. Kisha akapeleka kwa komite.

Papa Nsengimana alisoma ukurasa wote, akaugeuza kutafuta mwingine.

"Ni mzuri sana," alisema. "Lakini mbona maswali ya lazima hayako?"

"Gani, Papa Prezida?"

"Unatokea kilima gani. Baba yako ni nani. Unasali wapi. Umeoa ao bado."

"Baba yake atasaidia nini kwenye kupanga zamu?"

"Baba ni muhimu. Mimi nikijua baba, nimejua mutoto."

Papa Evode, mweka hazina, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado alishika kalamu kama anayengoja kusahihisha, alikohoa. "Byukusenge tulijua baba yake," alisema. "Mzee safi kabisa."

Prezida akasogea kwenye jambo lingine. Aliomba angalau pointi tano za uso, kwa sababu shefu anapokea wageni. Mama Consolée, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye magari yake yalibeba fromaji hadi Goma, alisema kama uso una pointi basi yeye anataka pointi za kuamka mapema, maana magari yake yamelala mara nyingi yakingoja watu wenye uso mzuri. Kayitesi aliwajibu wote kwa sentensi moja, na aliirudia hadi ikamchosha mwenyewe: lile ambalo kazi hailihitaji halipewi pointi.

"Na fromaji?" Prezida aliuliza kwa ushindi. "Hakuna swali la fromaji. Kwenye koperative ya fromaji."

"Wafanyakazi wanaijua. Atakayekuja atajifunza kwao. Kusimamia watu njo kitu hatuna muda ya kumufundisha."

Wakapiga kura, swali la fromaji likaanguka. Wakakubaliana tena kwamba swali la kukataa kazi mbaya lihesabiwe mara mbili, kwa kuwa ndilo lililowaletea aibu Goma, na wakaliandika kabla ya kujua nani ataomba kazi. Wakakubaliana kwamba kila mtu ataulizwa maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kila msahihishaji ataandika pointi zake bila kuzungumza na mwenzake, na pointi zikitofautiana kwa mbili ao zaidi, kila mmoja atasoma alichoandika kuhusu jibu lile, na atakayebadilisha ataweka sahihi na sababu. Na mwenye ndugu, mkwe ao mdeni kati ya waombaji hatasahihisha.

Barua za maombi zilipofunguliwa, kati ya watatu waliofaa kuitwa alikuwemo Ngabo. Ngabo alikuwa mtoto wa dada yake prezida.

"Si mtoto wangu," Papa Nsengimana alieleza. "Ni wa dada yangu. Na dada yangu ameolewa, kwa hiyo ni wa watu wengine."

Walimtazama tu. Akainua mikono, akasema haki ni haki, yeye atakaa nje. Kayitesi alishangaa alivyokubali kwa upole. Hakujiuliza sana. Wasahihishaji wakawa yeye, Papa Evode na Mama Consolée.

Wiki ya mahojiano, Kayitesi alikuwa amepanda moto, pikipiki ya abiria, akitoka kutembelea wafugaji wa Burungu, dereva akisubiri ng'ombe wavuke barabara, Ngabo akasimamisha moto yake pembeni. Alikuwa kijana mwenye tabasamu la watu wawili.

"Dada Kayitesi, samahani kukusumbua njiani," alisema. "Kwa swali ya tatu, ile ya kukataa maziwa. Pale mumeandika pointi tano ni mfano wa kweli na matokeo. Mfano umoja unatosha ao mbili?"

Kayitesi alimwangalia. Ng'ombe wa mwisho alipita.

"Nani amekupa ile karatasi?"

"Mujomba alisema ni ya bantu bote," Ngabo alijibu bila hofu yoyote, na kwa kweli alionekana kuamini.

Kayitesi alifika ofisini na vumbi la barabara bado usoni. Papa Nsengimana alikuwa anakunywa maziwa.

"Nilimpa asome tu," alisema prezida. "Wewe ulisema pointi zimeandikwa wazi. Kitu cha wazi si siri."

"Wengine hawajasoma, Papa."

"Basi hiyo ni bahati mbaya yao."

Kayitesi alienda kwa Mama Consolée, akamkuta anahesabu maboksi. Alitaka kufuta kila kitu, kumwondoa Ngabo, kuandika maswali mapya. Mama Consolée alimwambia kumwondoa kijana kwa kosa la mjomba kutaleta mikutano miwili, na maswali mapya yatapita tena mkononi mwa prezida, maana ofisi ni moja na kabati halina kufuli.

"Sasa nifanye nini?"

"Yule mumoja amepewa. Pea wote."

Ilimwingia Kayitesi taratibu. Jioni ile karatasi ikaenda kwa waombaji wengine wawili, maswali pamoja na maelezo ya pointi, kama alivyokuwa nayo Ngabo, na mahojiano yakasogezwa mbele ili wapate muda ule ule wa kujitayarisha. Akaongeza kitu kimoja tu. Baada ya kila jibu, mwombaji yeyote ataulizwa mambo matatu, bila kupunguza wala kuongeza: ilikuwa wapi, wewe mwenyewe ulifanya nini, na iliishaje.

"Umewapa mtihani nyumbani," Papa Evode alisema, akitikisa kichwa cha mwalimu.

"Papa Evode, mtu anaweza kukariri swali. Atakariri vipi kitu hakufanya?"

"Nilifundisha miaka mingi," alisema mzee. "Utaona."

Siku yenyewe walitumia chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha la kuelekea uwanjani, ili prezida asipitepite. Akapita hata hivyo. Alileta chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu achaguliwe, na alipoweka kikombe cha pili akauliza kama Ngabo amekwisha kuingia. Mama Consolée alipokea chai, akamshukuru, akamwonyesha mlango.

Ngabo aliingia wa kwanza. Alisalimia vizuri, akaketi vizuri. Kayitesi akasoma swali: tueleze siku ulipokataa kazi mbaya ya mtu mkubwa kuliko wewe.

Ngabo alinyoosha mgongo. "Mwombaji anaeleza hali halisi," alianza. "Anasema wazi alichokataa na sababu yake. Anaheshimu mwenye kosa lakini habadilishi uamuzi. Anataja matokeo."

Kalamu ya Papa Evode ilisimama hewani.

"Hiyo ilikuwa wapi?" Kayitesi aliuliza, kama ilivyoandikwa.

"Wapi?"

"Ndiyo. Wapi."

"Kwenye hali halisi," alisema Ngabo.

"Wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Ngabo alitazama dari. Kijana hakuwa mwongo, hilo lazima lisemwe. Alitafuta kwa uaminifu mkubwa, na mwishowe akasema bado hajapata nafasi ya kumkataa mtu mkubwa, kwa sababu watu wakubwa anaowajua ni mjomba tu.

Walimshukuru. Kayitesi alitaka kucheka, akamwonea huruma, akaandika moja.

Wa pili alikuwa Émilienne, kutoka Burungu. Kayitesi alimfahamu: waliimba kwaya moja, Émilienne sauti ya kwanza, yeye ya pili. Kuna watu ambao wakianza kuzungumza chumba kinapata joto, na Émilienne alikuwa mmoja wao. Alieleza jinsi alivyosuluhisha kinamama wawili wa kikundi chake cha maharage mpaka wakapanda shamba moja, na Mama Consolée akasahau kunywa chai. Kwenye swali la tatu alisimulia habari ya mzee mwenye heshima aliyeleta magunia ya maharage yenye mawe ndani. Aliiga sauti ya mzee. Aliiga hata alivyopanguza jasho. Alieleza alivyoumia moyoni, alivyoomba, alivyoongea na mume wake, na mume wake alivyokwenda kumwona mzee na jambo likaisha kwa amani. Kayitesi aliandika haraka, mkono ukimfuata moyo.

Wa tatu alikuwa Mama Dorothée, aliyetoka Ntoto, Walikale, na ambaye sasa alikaa kwa wakwe zake hapo Masisi. Hakutabasamu alipoingia wala alipotoka. Kiti kilicheza, akakiinua na kukiweka mahali pengine bila kuomba ruhusa. Kule Ntoto alikuwa amesimamia wafanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga. Majibu yake yalikuwa mafupi na makavu, na kuhusu ugomvi wa wafanyakazi alisema tu kwamba aliwatenganisha zamu, ambalo si jibu la mtu wa suluhu.

Kwenye swali la tatu alisema: "Shefu wa eneo alileta mpunga yenye maji. Alitaka ikobolewe ili ionekane mingi. Nilimwambia hapana, itavunja mashine na itaoza kwa wanunuzi. Alikasirika. Nikamwambia aanike siku tatu arudi, nitamuweka wa kwanza."

"Iliishaje?" Kayitesi aliuliza, lile la mwisho kati ya yale matatu.

"Alianika. Alirudi. Nilimuweka wa kwanza. Hakunisalimia tena."

"Ilikuumiza?" Mama Consolée aliuliza.

Kayitesi akamgusa mkono. Swali hilo halikuwa kwenye karatasi, na wengine hawakuulizwa. Mama Consolée akalifuta kwa kukohoa.

Baada ya Dorothée kutoka, kila mtu aligeukia ukuta wake na kumaliza kuandika pointi. Kisha wakasoma kwa sauti, Papa Evode akijumlisha ubaoni. Ngabo alibaki chini kabisa, hakuna aliyebishana. Émilienne, kwa karatasi zote tatu pamoja, alipata hamsini na mbili. Dorothée arobaini na tisa.

Kayitesi alianza kukusanya karatasi. Aliona tayari asubuhi za kazi, Émilienne akicheka kwenye chumba cha chumvi.

"Bado," alisema Papa Evode. Aliweka chaki kwenye swali la tatu la Émilienne. "Mimi mbili. Mama Consolée mbili. Kayitesi tano. Sheria inasema nini?"

Sheria Kayitesi alikuwa ameitunga mwenyewe. Papa Evode akasoma maandishi yake: hakusema hapana kwa mzee, alimwambia mume, mume alikwenda. Mama Consolée alikuwa ameandika karibu hayo hayo, pamoja na neno moja la Kinande cha kwao ambalo hakulitafsiri.

"Na wewe, mwanangu?"

Kayitesi aliangalia karatasi yake. Ilikuwa imejaa. Akaisoma kwa macho, akatafuta kitendo, akageuza upande wa pili kama prezida alivyofanya siku ile. Kisha akasoma kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

"Anajieleza vizuri sana," alisema. "Muntu wa moyo. Anapendeza."

Nje, mtu alikuwa anapiga bidoni tupu la maziwa ili alikaushe.

"Mwanafunzi wangu angeandika hivyo," alisema Papa Evode polepole, "ningemuuliza: ile mzee na mawe yake, nani alimurudisha?"

"Mume," alisema Kayitesi.

"Na ni mume njo anaomba kazi?"

Mama Consolée alitazama mikono yake. "Tena muko kwaya moja," alisema, bila ukali.

"Tuliandika ndugu, mukwe na mudeni. Kwaya haikuandikwa."

"Haikuandikwa," Mama Consolée alikubali, na sauti yake ilikuwa karibu sana na ile ya Papa Nsengimana alipokuwa akieleza habari za dada yake aliyeolewa. Kayitesi aliisikia. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Kwa wiki nzima alikuwa amemchunga kila mtu asipendelee, akaziba tundu za prezida moja baada ya nyingine, na yeye mwenyewe alikuwa amepita katikati ya uzio akiimba sauti ya pili.

Akaisoma tena ile karatasi ya maelezo ya pointi. Pointi tano: anasema hapana mwenyewe. Akafuta tano, akaandika mbili, akaweka sahihi pembeni na sababu, kama walivyokubaliana. Swali lilihesabiwa mara mbili, basi pointi sita zikaondoka. Émilienne akabaki na arobaini na sita.

"Dorothée," alisema Papa Evode.

"Hata hapendezi," alisema Mama Consolée, na alionekana kusikitika kwa dhati. "Lakini na mimi nilimpa nne."

Papa Nsengimana aliambiwa matokeo. Kwanza aliuliza kama hesabu imeangaliwa. Kisha akauliza mama huyo ametoka kilima gani, akaambiwa hakuna aliyemuuliza. Kisha akauliza pointi za Ngabo, akaonyeshwa. Alisoma jibu la mpwa wake hadi mwisho, midomo ikimcheza, na alipofika kwenye "hali halisi" akakunja karatasi.

Lakini mkutano wa wafugaji ulipofika, alisimama mbele na kuzungumza kuliko wote. Alieleza jinsi komite yake, kwa uongozi wake, ilivyoleta Masisi namna mpya ya kuajiri. Alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyojiondoa kwa hiari. Alisema hata maswali yalitolewa wazi kwa waombaji wote, jambo ambalo huenda halijawahi kufanyika, na kwamba wazo hilo la uwazi lilianzia kwake. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Kayitesi alishindwa kulipinga. Wafugaji walipiga makofi. Ngabo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Jana yake alikuwa amekuja kuomba aelezwe alipokosea, na Kayitesi alikuwa amempatia nafasi ya kupanga mapokezi ya maziwa, chini ya Laetitia, ili apate mtu wa kumkataa.

Dorothée alianza kazi. Hakujifanya anajua fromaji. Siku za kwanza alisimama nyuma ya Laetitia akiuliza, akiandika, akiuliza tena mpaka Laetitia akachoka. Alibandika zamu za kuosha sufuria ukutani na jina lake mwenyewe likawemo. Watu hawakumpenda, hawakumchukia. Chumba cha chumvi kilipata watu tena, na magari ya Mama Consolée yakaanza kuondoka wakati jua bado liko nyuma ya vilima.

Kwaya ilikuwa ngumu zaidi. Jumapili mbili Émilienne aliimba akiangalia mbele tu. Ya tatu, Kayitesi alimfuata nje ya kanisa, akamwomba wakae kwenye ukuta wa mawe.

"Una haki ya kuambiwa pointi zako," alisema. "Kila mwombaji anaambiwa."

"Sema."

Alimwambia. Suluhu ya kinamama wa maharage ilikuwa bora kuliko za wote. Kupanga kazi, sawa. Kisha akafika kwenye swali la mzee na mawe.

"Pale tulitafuta mahali wewe mwenyewe umesema hapana. Hatukuiona."

Émilienne alichuna majani yaliyoota kati ya mawe. "Nilisema kwa mume wangu," alisema. "Kwa mzee yule, mwanamuke wa kwetu anasemaje? Mama wa Walikale iko mugeni. Yeye anaweza."

Jambo hilo halikuwepo kwenye mafunzo ya mjini wala kwenye karatasi ya Kayitesi, na alijua litabaki naye kila atakapokaa kuandika swali.

"Wewe ulinipa ngapi?" Émilienne aliuliza.

"Mbili."

"Tangu mwanzo?"

Angeweza kusema ndiyo. "Mara ya kwanza tano," alisema. "Niliandika tano kwa sababu ninakupenda. Kisha waliniomba nisome nilichoandika, na hakukuwa na kitu."

Émilienne alimgeukia, na kona ya mdomo wake ikatikisika kama inayotaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Hakukuwa na kitu kabisa?"

"Niliandika unapendeza."

"Aah," alisema Émilienne. Alitupa majani chini, akapanguza mikono kwenye kitenge chake. "Basi safari ingine mukitafuta shefu, muniite. Nitakuja na hapana yangu." Akasimama, akaanza kuteremka njia ya Burungu, na baada ya hatua chache akageuka. "Lakini wewe usisahihishe."

"Sitasahihisha," alisema Kayitesi.